Digrii ya India, TCU na zile wiki tisa za kusubiri jibu

Nimeulizwa sana na wadogo zangu waliomaliza India na sasa wamerudi Dar na vyeti mkononi, digrii ya nje unaipatiaje cheti cha utambuzi kutoka TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, so naandika yote hapa. Mimi nilisoma Pune, bikomu miaka mitatu, nikarudi nikidhani cheti kinatosha, mpaka nilipofungua Ajira Portal nikakuta tangazo linasema aliyesoma nje lazima vyeti vyake vihakikiwe na mamlaka husika, na provishno, kile cheti cha muda, hawapokei.

Kwanza jua unaenda wapi. Digrii ni TCU, diploma ni NACTVET, na kama sekondari ulisoma nje, mfano dada yangu alimaliza kidato cha nne Uganda, hiyo unaanzia NECTA wakupe ulinganifu, maana TCU wataangalia pia ulivyoingia chuo ukiwa na nini.

Maombi yenyewe ni mtandaoni kwenye tovuti ya TCU, mfumo unaitwa FAAS. Unafungua akaunti, unajaza taarifa zako, unapata kontrol namba unalipia, unapandisha skani. Hiyo sehemu ni ya siku moja tu. Kazi ipo kwenye faili, kwa sababu anayelisoma hakujui, anataka kuona kwamba chuo kinatambulika kwao, kwamba uliingia na sifa zinazotakiwa, na kwamba kweli ulikaa ukasoma muda unaosema ulisoma. Kwa hiyo weka cheti cha digrii chenyewe, makshiti za semesta zote, vyeti vya kidato cha nne na sita, barua ya udahili, na pasipoti yenye viza na mihuri ya kuingia na kutoka. Kama pasipoti ilijaa au iliisha ukabadilisha, ile ya zamani usiitupe jamani, mihuri yote iko humo. Na ile residensho pemiti uliyopewa FRRO, ofisi ya India inayosajili wageni, nayo ihifadhi.

Sasa kitu kinachowachanganya wengi wa India. Unasoma kolezi lakini cheti kinatolewa na chuo kikuu ambacho hiyo kolezi iko chini yake. Barua yangu ya udahili ilikuwa na jina la kolezi, viza hivyo hivyo, alafu digrii ina jina la chuo kikuu. Kwa mtu asiyejua mfumo wao inaonekana kama umesoma sehemu moja ukapewa cheti na sehemu nyingine. Mimi niliomba kolezi waniandikie barua fupi, yenye muhuri, kwamba wako chini ya chuo kikuu fulani na mimi nilikuwa mwanafunzi wao kuanzia mwezi huu mpaka huu. Iombe kabla hujaondoka, ukiwa pale ni suala la kwenda ofisini tu, ukiwa Dar unabaki kubembeleza kwenye simu.

Jina nalo. Cheti cha kidato cha nne nina majina matatu, digrii ikatoka na mawili, tena la ukoo likiwa mbele. Nikaenda kwa wakili nikaandika dipoli, hati ya kisheria kwamba majina yote hayo ni yangu, ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati, nikaiambatanisha mwanzoni kabisa bila kusubiri kuulizwa.

Baada ya hapo ndo uhakiki wenyewe, TCU wanawasiliana na chuo kuuliza kama hicho cheti ni chao. Hapa ndo mimi nilikwama wiki tisa. Nilikuwa naona maombi yangu yapo tu palepale, nikipiga simu naambiwa chuo hakijajibu. Nikamtafuta rafiki yangu aliyebaki Pune akaenda kuuliza, kumbe barua imekaa kwa msajili wa chuo, na msajili hahusiki na kuhakiki vyeti, anayehusika ni ofisi ya mitihani, wanamwita Kontrola wa Mitihani, na wao wanataka ada ya uhakiki ilipwe kwanza ndo waguse faili. Rafiki akalipa, akachukua risiti na imeili ya hiyo ofisi, nikawapelekea TCU na namba yangu ya maombi. Siku kumi na moja jibu likaja, limetoka ofisi ya mitihani moja kwa moja kwenda TCU. Ndivyo inavyotakiwa, barua ya uhakiki ukiibeba wewe mkononi haina nguvu ile.

Kwa hiyo kabla hujatuma maombi tafuta kwenye tovuti ya chuo chako nani anahakiki, imeili yake ipi na wanalipwaje, ukishaomba wape TCU hizo taarifa mapema.

Kile cheti cha utambuzi kikitoka kisome herufi kwa herufi, jina, mwaka, jina la digrii, palepale kabla hujakipandisha Ajira Portal. Changu mwaka wa kuhitimu ulikuwa umekosewa, nikaandika siku hiyo hiyo wakarekebisha.