Ukuta niliomjengea mwenyewe

Swali la wiki: “Nikiingia tatu-tatu mapema chini ya jiwe la nyota la mpinzani, nitajuaje kama kundi langu litaishi, na nitakuwa nimempa nini upande wa nje?”

Nitajibu kwa mchezo wa Go nilioupoteza, maana kona yenyewe niliipata, ikaishi vizuri kabisa, na bado nikafungwa.

Nilikuwa na mawe meupe. Mwenzangu, mwenye nyeusi, alikuwa na jiwe la nyota D4 kwenye kona ya chini kushoto na lingine D16 kona ya juu, upande huohuo wa kushoto. Ubao ukiwa bado karibu mtupu nikaingia C3, yaani tatu-tatu, nafasi ya mstari wa tatu kutoka kila ukingo. Akaziba C4, nikasogea D3, akanifunga kichwa kwa E3. Hapo nikafuata mtiririko ambao vizazi vya wachezaji waliukariri: mimi E2, yeye F2, mimi D2, yeye F3, kisha upande wa pili mimi B4, yeye B5, mimi B3, yeye C5. Yakaisha na zamu ikawa yangu.

Tuanze na uhai, yaani kundi kuwa na macho mawili, nafasi tupu mbili za ndani zilizotengana ambazo mpinzani hawezi kuzijaza. Usihesabu nafasi zote za ndani ukafurahi. Hesabu zitakazobaki baada ya mpinzani kukupunguza pande zote mbili. Katika umbo hilo nilikuwa na nafasi kumi: A1 hadi A4, B1, B2, C1, C2, D1 na E1. Mweusi akicheza A4 nami nikaziba A3, kisha akaja E1 upande wa chini, mkono wa mtu unakimbilia kuziba D1. Usizibe! Ukiziba, unabaki na mstatili wa nafasi sita kwenye kona, na kundi lako halina pumzi, yaani nafasi tupu inayoligusa, hata moja nje. Mstatili huo unaishi katikati ya ubao, lakini kwenye kona, pumzi za nje zikiisha, Mweusi akidondoka B2 unaingia kwenye ko, ule mzozo wa kutekana jiwe mojamoja kwa zamu, au unakufa kabisa. Nilishawahi kupoteza kona namna hiyo nikiwa nimeshainuka kuchukua chai.

Jibu la E1 ni wewe mwenyewe kukaa B2. Akiingia D1, unaziba C1: C2 inakuwa jicho la kwanza, na A1, A2 na B1 zinakuwa jicho la pili. Akijaribu C1 badala yake, unacheza D1, na jiwe lake limeingia mtegoni. Utabaki na pointi nne tu, lakini ni pointi za kundi ambalo halifi. Kwa hiyo kabla ya kuliacha kundi la tatu-tatu, tafuta ile nafasi moja ambayo ukikaa wewe kunazaliwa macho mawili, na akikaa yeye linabaki moja. Kama bado unaweza kuifikia baada ya yeye kukupunguza mara mbili, nenda kacheze kwingine bila hofu.

Basi kundi langu liliishi. Shida ilikuwa nje.

Tazama tena zile hatua nne za mwisho, B4, B5, B3, C5. Kabla sijazicheza, ukuta wa Mweusi ulikuwa na kasoro pale C5. Ningeweza siku moja kucheza B4, na akijibu B5 nikakata C5, jiwe lake la B5 likabaki peke yake. Si kwamba ningekata mara moja. Ila kila vita ambavyo vingezuka upande wa kushoto, yeye angelazimika kuitazama kasoro hiyo kwa jicho moja. Mimi nikaenda kuiziba kwa mkono wangu, nikimlipa fundi amalizie ukuta wa jirani, ili nipate uhakika wa kundi ambalo lilikuwa na nafasi ya kujitetea baadaye.

Hapo ndipo mawazo ya wachezaji yalipobadilika. Zamani mwalimu angekukemea ukiingia tatu-tatu mapema, kwa hoja kwamba unachukua kona ndogo na kumpa mwenzako ubao mzima. Mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017 programu ya kompyuta AlphaGo ikacheza michezo 60 mtandaoni na wachezaji wakubwa bila kushindwa, na ikawa inaingia tatu-tatu mapema. Mei mwaka huohuo, huko Wuzhen, China, bingwa Ke Jie mwenyewe aliingia tatu-tatu mapema katika mchezo wake wa kwanza dhidi ya AlphaGo. Lakini wengi tuliiga kuingia, hatukuiga kunyamaza. Kilichobadilika ni kwamba hizo hatua za kukunja na kuunga kwenye mstari wa pili ziliachwa zisubiri, ukuta ukabaki na matundu.

Mara nyingi siku hizi, baada ya C3, C4 na D3, Mweusi hanifungi kichwa bali ananyoosha E4. Hapo naondoka. Akirudi kupiga E3, zamu ni yangu, na bado nina E2 upande mmoja na B4 upande wa pili za kutafutia uhai. Lakini uvumilivu huo una kiwango chake: nikiondoka mara ya pili, baada ya E3, najitakia msiba. Ruhusa ya kuondoka ni moja, na lazima ninakokwenda kuwe kukubwa.

Sasa thamani ya ukuta. Ukuta wenyewe hauna pointi. Pointi zinatoka kwa kinachoutazama. Katika mchezo wangu ulitazama juu, kuelekea D16, na katikati yake hapakuwa na jiwe langu hata moja. Mwenzangu aliziba C4 makusudi, kwa sababu ndiko kwenye uwanja wake mpana. Kama D10 ningekuwa na jiwe lililotulia, ukuta uleule ungekuwa unatazama mlango uliofungwa, na kona yangu ingekuwa faida tupu. Nasema lililotulia, maana jiwe dhaifu mbele ya ukuta ni chakula chake.

Na chakula nilimpelekea. Ile zamu niliyojivunia kubaki nayo niliitumia kuikaribia kona ya juu kwa C14. Akanibana C10. Nikataka kutoka kuelekea katikati, nikakuta kila njia ya chini ina ukuta usiokatika. Hakuliua kundi langu, wala hakuhitaji. Alinifukuza nikikimbia mstari mmoja mmoja, na kila pigo likamwongezea eneo upande wa kushoto na katikati. Tulipohesabu mwisho, nilikuwa nyuma kwa pointi kumi na nne, na kona yangu ya chini kushoto, baada ya kupunguzwa, ilinipa nne.

Nikirudia mchezo ule, ningecheza upande wa kulia kwanza, ambako tayari nilikuwa na jiwe. Na kama ningelazimika kuingia kushoto, ningeacha B4 ibaki mfukoni, na zamu yangu ningeiweka D10 badala ya C14: mbali kidogo na ukuta, katikati ya njia yake ya kwenda D16.