Tarehe ya kumpigia tena mteja

"Programu inasoma maandishi ya mazungumzo ya simu za wateja na kujaza jedwali. Jina, tatizo na bidhaa inajaza vizuri, tarehe ya ufuatiliaji ndiyo inakosea. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, ipe tarehe ya simu yenyewe, na maneno ya mteja yabaki kama alivyoyasema kwenye safu yao. Mfano, mteja wa Chake kapiga Alhamisi 12/6/2025: "Ruta haiwaki tangu juzi, nipigieni keshokutwa saa nne asubuhi." Tatizo limeanza 10/6, ufuatiliaji ni 14/6 saa 10:00. Ukiona 04:00, programu haikuongeza saa sita. Asiyetaja siku, acha wazi.

— Na "usiku wa Ijumaa" je? Bibi yangu hapo anakusudia Alhamisi baada ya magharibi.

— Hiyo bora mteja aulizwe.