Kampuni ya Kifaransa inauliza mshahara: nimjibu nini huyu mama wa Lyon?

Swali: "Wakuu habari. Niko Moshi, nimefanyiwa usaili wa simu na kampuni ya utalii ya Wafaransa yenye ofisi Arusha, nafasi ya kuhudumia wateja wa Kifaransa. Mama wa ajira yuko Lyon, kaniandikia: *Merci de nous préciser vos prétentions salariales.* Nikitaja kidogo nitaumia, nikitaja kikubwa wataniacha. Nataka angalau milioni 1.4 mkononi, na bodi ya mikopo wananikata. Nijibuje?"

Dada, hongera kwa kufika hapo. Mimi nimefanya ofisi za safari hapa Arusha muda mrefu. Barua za namna hiyo nimeziandika, na baadaye nimekaa upande wa pili wa meza nikizisoma pamoja na bosi Mfaransa. Wengi wanaoumia hawaumii kwa kutaja namba ndogo. Wanaumia kwa sababu namba yao imesomwa tofauti na walivyokusudia.

Anza na hiyo milioni 1.4 yako. Usiiandike ikafuatiwa na neno *net*. Sisi tukisema mkononi tunamaanisha kilichobaki baada ya NSSF, PAYE na bodi ya mikopo. Mfaransa akisoma *net* bila maelezo, kwa mazoea ya kwao anaelewa mshahara uliotolewa michango ya hifadhi ya jamii, huku kodi ya mapato ikiwa bado. Tangu Januari 2019 kodi hiyo inakatwa kwenye mshahara moja kwa moja, lakini mazungumzo ya kazi bado yanatumia *net* ya kabla ya kodi. Kwa hiyo wewe taja *brut*, yaani kabla ya makato yote.

Tuipige hesabu kwa kurudi nyuma. Chukua mshahara ghafi wa 2,600,000 kwa mwezi. NSSF upande wako ni 10%, yaani 260,000, inabaki 2,340,000 ya kutozwa kodi. PAYE kwa kipato kinachozidi milioni moja ni 128,000 jumlisha 30% ya kilichozidi, inakuja 530,000. Bodi ya mikopo 15% ya mshahara ghafi, 390,000. Unaondoka na 1,420,000. Hiyo ndiyo sakafu yako.

Sasa tuseme ungeandika "1 420 000 net" naye akaielewa kwa mazoea yake. Angerudisha 10% ya NSSF tu na kukuandalia mkataba wa takriban 1,578,000 ghafi. Ukikatwa PAYE na bodi ya mikopo unabaki na kama 929,000. Karibu laki tano zimeondoka kila mwezi, na hakuna aliyekudanganya.

Kitu cha pili ni mwezi na mwaka. Sisi tunahesabu kwa mwezi, wao kwa mwaka. Tena kampuni nyingi za kwao zina *13e mois*, mshahara wa kumi na tatu. Ukitaja 31,200,000 kwa mwaka bila kueleza, mtu anaweza kuigawa kwa 13 ukapata 2,400,000 kwa mwezi badala ya 2,600,000. Na kwa huku kwetu kuna jambo ambalo wa Lyon huenda halijui kabisa: ziko ofisi za utalii ambazo Aprili na Mei, masika yakishika, zinawapa watu likizo bila malipo. Kwa hiyo andika wazi kwamba ni miezi kumi na miwili.

Hata alama zinazotenganisha namba ziangalie. Kwao mkato ni desimali: 2,600 inasomeka mbili na nukta sita. Tenganisha maelfu kwa nafasi, 2 600 000, na uweke TZS.

Kabla hujatuma, hakikisha mkataba ni wa ajira ya hapa. Wakitaka uwatumie ankara kama mtu wa kujitegemea, hizo namba zitupe. Hapo hakuna mchango wa NSSF wa mwajiri, hakuna siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na kodi unajitafutia mwenyewe. Inabidi upande juu ya namba ya ajira, si kidogo.

Barua yenyewe iwe fupi. Mimi ningeandika hivi:

```
Bonjour Madame,

Je vous remercie de votre message.

Pour un contrat de travail local à Arusha, mes prétentions
se situent entre 2 600 000 et 2 900 000 TZS bruts par mois,
versés sur douze mois, hors commissions.

Elles tiennent compte de mon autonomie sur les devis et
le suivi des clients francophones. Je reste ouverte à un
échange en fonction de l'ensemble des conditions proposées.

Bien cordialement,
```

(Mwanaume aandike *ouvert*, bila e ya mwisho.)

Ona namba ya chini ni ile ile sakafu. Ukitoa kiwango cha kuanzia hadi, msomaji anashika ya chini, hivyo usiweke chini namba ambayo ukipewa utanuna. Pengo nalo lisiwe kubwa. Mtu akituandikia "kati ya milioni moja na nusu na milioni tatu", bosi alikuwa anacheka na kuandika moja na nusu pembeni. Na ile *à négocier* peke yake bila namba, waachie wengine. Inamlazimu mama wa watu akuandikie tena, na safari ya pili anakuja na bajeti yake mkononi.

Upande wa kuzidisha, sijaona kosa kubwa kama la kuchukua tangazo la kazi ya Paris na kugeuza euro kuwa shilingi. Bajeti ya nafasi hii imepangwa kwa ofisi ya Arusha. Namba yako ya juu ipime kwa wanaofanya kazi hiyo hiyo huku: waulize wawili watatu wanaoshika wateja wa Kifaransa kwenye ofisi nyingine, wanapata ngapi kabla ya makato. Sababu unayoitaja iwe ya kazi. Kama kotesheni ya Kifaransa unaiandika mwenyewe mwanzo mwisho bila mtu kukukagua, hiyo inalipiwa. Kodi ya nyumba na ada za watoto usiziweke kwenye barua, hata kama ndizo zinazokusukuma.

Kama kweli hujui soko, ruhusa kuuliza: *Pourriez-vous m'indiquer la fourchette prévue pour ce poste ?* Si utovu wa adabu kwao, wamezoea. Ila fanya hivyo mara moja tu. Akirudisha swali kwako, taja namba.

Akija na 2,300,000, jua kwamba mkononi ni 1,276,000. Usikatae siku hiyo hiyo na usikubali. Muulize kuhusu bima ya afya, kamisheni kwa kila safari iliyothibitishwa, na usafiri au kodi ya kuhamia Arusha, maana kilomita themanini kila asubuhi kutoka Moshi hutaziweza. Kisha omba mshahara uangaliwe upya muda wa majaribio ukiisha: *une révision du salaire à l'issue de la période d'essai*, na namba iandikwe kwenye mkataba. Ahadi ya simu, bosi akibadilishwa inaondoka naye.