Dawa haikuzidi, asidi ndiyo iliyopanuka

Kundi moja la metronidazoli ghafi lilinikalisha maabara mpaka jioni kwa sababu ya tarakimu moja: 101.1%. Kiwango kinachokubalika ni 99.0% hadi 101.0%. Dawa pungufu unaweza kuieleza, labda ina uchafu au imeloa. Lakini unga utapataje kuwa na metronidazoli zaidi ya ule uzito wake wenyewe? Ukiona jibu la namna hiyo, usianze na dawa. Anza na bureti yako.

Kwanza niseme kwa nini dawa hii hatuipimi ndani ya maji. Metronidazoli ni besi dhaifu mno. Ukiiyeyusha majini na kuidondoshea asidi, maji yenyewe yanadaka protoni kabla dawa haijaipata, na pH inateremka polepole bila kile kishindo cha kukuonyesha mwisho. Asidi asetiki tupu, isiyo na maji, ina tabia tofauti: yenyewe ni asidi, haina hamu ya protoni. Ukiitia asidi perkloriki humo, protoni inabaki inatafuta pa kukaa, na nitrojeni ya ile pete ya imidazoli inaipokea. Molekuli moja ya dawa hupokea protoni moja, ndiyo maana mililita 1 ya HClO4 0.1 M inalingana na miligramu 17.12 za metronidazoli. Unapima kama gramu 0.150, unayeyusha katika mililita 50 za asidi asetiki, unataitreti.

Siku ile asubuhi nilikuwa nimesanifisha asidi perkloriki, yaani kupima nguvu yake halisi, kwa KHP, chumvi ya potasiamu haidrojeni fthalati, iliyokaushwa kwenye nyuzi 120 kwa saa mbili. Usishangae KHP, tunayoijua majini kama asidi, hapa kutumika kama besi. Ndani ya asidi asetiki inageuka hivyo, na kila mililita inakula miligramu 20.42. Nilipima gramu 0.3512, na baada ya kuondoa blanki, yaani asidi inayoliwa na kimiminika kisicho na sampuli, nikatumia mililita 17.12. Hesabu kamili ilitaka 17.20, kwa hiyo fakta, namba ya kuzidishia ili kusahihisha nguvu ya asidi, ikawa 1.0046. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma, kipimajoto kinasoma nyuzi 23.

Saa sita umeme ukakatika. Jenereta yetu huendesha mizani na taa tu, na Dar es Salaam mwezi wa Februari unajua ilivyo. Nilipofika kwenye sampuli saa tisa, chumba kilikuwa nyuzi 32. Gramu 0.1502 za dawa kavu zikanywa mililita 8.83, blanki ikiwa imeshatolewa. Piga hesabu: 8.83 × 1.0046 × 17.12 ni miligramu 151.9, yaani 101.1%. Nikarudia, ikaja ileile. Mwenzangu akaniambia, "Kaka, andika tu ripoti kwamba imevuka kiwango." Nilikuwa nimeshashika kalamu.

Kilichonizuia ni chupa. Asidi niliyoiacha asubuhi kwenye alama ilikuwa imepanda shingoni. Perkloriki yetu imezimuliwa ndani ya asidi asetiki, na asidi asetiki hupanuka kwa kama 0.11% kwa kila nyuzi moja ya joto, mara nne hivi ya maji. Wengi wetu tumelelewa na taitresheni za majini, ambako nyuzi chache hazikuumizi. Hapa, nyuzi tisa ni karibu 1% nzima. Asidi ikipanuka, kila mililita inabeba perkloriki pungufu, unahitaji mililita nyingi zaidi kumaliza dawa ileile, na dawa inaonekana imezidi. Marekebisho ni haya:

```
Vs = V × [1 + 0.0011 × (t1 − t2)]
```

t1 ni joto la wakati wa kusanifisha, t2 ni la wakati wa kupima sampuli. Kwangu: 8.83 × (1 − 0.0099) ni 8.74, na jibu likashuka hadi 100.1%. Sikuliamini kwa hesabu pekee. Nikasanifisha upya palepale kwenye nyuzi 32, fakta ikatoka 0.9948, na kwa fakta hiyo sampuli ileile ikatoa 100.1%. Tangu hapo tofauti ikizidi nyuzi tano sitegemei fomula, nasanifisha upya. Na joto ninalolisoma ni la asidi iliyomo kwenye chupa. Kipimajoto cha ukutani kinakudanganya, kwa sababu lita moja ya asidi huchelewa sana kulifuata joto la chumba. Ukiwa nyanda za juu utakutana na kinyume chake: chini ya nyuzi 16.6 asidi asetiki huganda, asubuhi unakuta chupa imekuwa jiwe.

Adui wa pili ni maji, na huyu hana fomula. Yakiingia yanashindana na dawa kugombea protoni, na mwisho unapoteza makali. Dalili zake: blanki inapanda, na rangi ya kiashiria chetu, kristali vayoleti, badala ya kuruka kutoka zambarau kwenda bluu-kijani kwa tone moja, inazubaa kwenye bluu matone manne, matano. Mara nyingi kosa ni flaski iliyosuuzwa kwa maji na kutumiwa kabla haijakauka. Hata asidi perkloriki ya dukani ina karibu 28% ya maji, ndiyo maana tunatia anhidridi ya asetiki iyale. Kwa lita moja mimi hutumia mililita 8.5 za perkloriki, nikizitia kwenye mililita 500 za asidi asetiki na kuchanganya vizuri kwanza. Ndipo naingiza mililita 21 za anhidridi, kidogo kidogo, flaski ikiwa kwenye maji baridi. Ikipoa najaza hadi alama na kuiacha siku nzima. Mpangilio huo usiugeuze hata siku moja: anhidridi ikikutana na perkloriki isiyozimuliwa inaweza kulipuka. Wala usifute perkloriki iliyomwagika kwa karatasi kavu. Mwagia maji mengi kwanza. Anhidridi nayo usiizidishe kwa kudhani unajikinga, maana ikibaki huzishika amini za kwanza na za pili, na dawa za aina hiyo zitatoka pungufu. Metronidazoli haina amini hizo, kwa hiyo hapa umesalimika.

Kuhusu rangi, kwa metronidazoli mimi nimeiacha, natumia elektrodi ya kioo. Kwa besi dhaifu hivi watu wawili hawakubaliani bluu imeishia wapi. Ila elektrodi yenye myeyusho wa kloridi ya potasiamu itakusumbua: potasiamu ikikutana na perkloreti hufanya chembe nyeupe zinazoziba kinywa cha elektrodi, na usomaji unaanza kuyumba. Mwaga myeyusho huo, suuza, jaza kloridi ya lithiamu iliyoyeyushwa kwenye ethanoli. Kati ya sampuli na sampuli loweka elektrodi kwenye maji dakika chache, kisha ikaushe kwa kugusa tu na karatasi laini, kwa sababu asidi asetiki hukinyang'anya kioo unyevu kinaouhitaji ili kifanye kazi.

Haya yote ni ya unga ghafi. Usichukue kidonge, ukakisaga na kukitaitreti moja kwa moja. Magnesiamu stearati iliyotiwa ili vidonge visigande kwenye mashine nayo ni besi humu ndani, na itakunywa perkloriki yako pamoja na dawa. Utapata tena 101 na ushee, na safari hiyo kipimajoto hakitakuokoa.