Nakala ya flashi ilikuja bila mauzo ya siku tatu

*Niko na duka la vifaa vya ujenzi hapa Birere, Goma. Programu ya stoku nimeandika mwenyewe kwa Python na SQLite, katika hali ya WAL. Siifungi kamwe, laptopu inalala tu. Kila jioni nanakili duka.db kwenye flashi. Juzi laptopu ilikataa kuwaka; nikafungua nakala kwingine, mauzo ya siku tatu hayamo, na hakuna kosa lililoonekana. Fundi anasema SQLite ni ya kuchezea, nihamie MySQL, na laptopu aiformati. Ni kweli?*

Asiiformati! Mauzo yako huenda bado yamo humo.

Katika hali ya WAL, mauzo mapya hayaingii moja kwa moja ndani ya duka.db. Yanaandikwa kwanza kwenye faili la jirani, duka.db-wal, na huhamishwa likifika kurasa 1000 hivi, au programu inapofungwa vizuri. Ukurasa mmoja kwa kawaida ni baiti 4096. Tuseme kila uzo linagusa kurasa nne, nawe unauza mara 80 kwa siku: ni kurasa 320, na siku tatu ni 960. Bado hazijafika 1000, na wewe hufungi programu. Flashi yako ilibeba daftari la zamani.

Toa diski, uiunganishe na kompyuta nyingine, kisha nakili duka.db na duka.db-wal pamoja kwenye folda moja, bila kubadili majina. Fungua hiyo nakala. SQLite itayasoma yote mawili. Usichukue wal ya laptopu ukaiweka kando ya duka.db ya flashi: ni za nyakati mbili tofauti, unaweza kuharibu zote.

Kuanzia leo, acha kunakili faili likiwa wazi. Programu yenyewe itoe nakala, baada ya `commit`:

```sql
VACUUM INTO 'E:/duka-jumatatu-1.db';
```

Amri hii, iliyopo tangu toleo 3.27 la 2019, hutoa faili moja lililokamilika hata duka likiwa linauza. Jina liwe jipya kila mara, maana inakataa kuandika juu ya faili lenye kitu.

Kinachonikera ni mafundi wa kusafisha kompyuta. Wakiona faili linaishia na -wal wanaliita takataka na kulifuta, halafu mwenye duka anaambiwa SQLite ni mbovu. MySQL nayo, ukinakili mafaili yake ikiwa inafanya kazi, itakupa nakala isiyoaminika vilevile, tena na seva ya kulea juu yake. Wengine hutumia `PRAGMA integrity_check;`, wakiona `ok` wanalala. Nakala yako ya juzi nayo ingesema `ok`, kwa sababu haikuharibika, ilichelewa tu. Fungua nakala yenyewe, uliza uzo la mwisho ni la lini:

```sql
SELECT MAX(tarehe) FROM mauzo;
```

Lilinganishe na risiti ya mwisho ya jioni hiyo, kabla hujachomoa flashi.