Kozi ya masomo manne: kufupisha suruali ya mtumba kwa mkono

Ukitaka kufundisha ushonaji wa mkono kupitia kundi la WhatsApp, usianze na orodha ya mishono. Chagua kazi moja ambayo mwanafunzi ataimaliza. Kwa watu wa Nairobi napendekeza suruali ya kitambaa kutoka Gikomba au Toi, ile iliyokaa vizuri kiunoni lakini miguu inaburura chini. Masomo manne yanaitosha, somo moja kila jioni.

Andika kwanza lengo la somo la mwisho, nalo liwe jambo linaloonekana kwenye picha. "Ataelewa kushona pindo" halipimiki. Lenye kupimika ni hili: miguu yote miwili ina pindo la sentimita 4, urefu wake haupishani kwa zaidi ya nusu sentimita, na ukisimama hatua moja mbele ya suruali huoni uzi. Ukishaliandika, rudi nyuma ukijiuliza mwanafunzi lazima awe anaweza nini kabla ya kufika hapo.

Hapa wengi hukosea mpangilio. Fundi hupima, hukata, kisha hushona, basi mwalimu naye hufundisha kwa mfuatano huo. Matokeo yake mwanafunzi anakata suruali yake jioni ya kwanza kabla hajajua kushika sindano, na kitambaa kilichokatwa hakirudi. Kwa hiyo somo la kwanza liwe mshono wenyewe, kwenye kipande kisicho na thamani. Mafundi wa mtaani huwa na vipande vingi vya kutupa.

Lengo la somo hilo: kushona pindo la sentimita 20 kwa mshono wa kificho, hatua moja kila sentimita. Uzi uwe mmoja, si wa kukunjwa mara mbili, na urefu wake dhiraa moja hivi, yaani kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ukizidi sana hapo unajisokota na kufunga mafundo. Sindano ichote nyuzi moja au mbili tu za kitambaa cha nje, kisha ipite kwenye mkunjo. Agiza uzi wa rangi tofauti kabisa na kitambaa, ili uyaone makosa kwenye picha. Vidoti vikubwa upande wa mbele vinaonyesha kwamba sindano imechota kitambaa kingi. Mikunjamano inaonyesha uzi umevutwa mno. Omba picha mbili, nyuma na mbele, rula ikiwa kando.

Somo la pili ni kupima, na ni fupi. Mwanafunzi avae suruali pamoja na viatu atakavyovaa nayo, asimame wima, na mtu mwingine amkunjie na kumwekea pini. Akiinama mwenyewe, suruali inapanda na kipimo kinaharibika. Lengo: alama ya chaki kwenye kila mguu, umbali kutoka kwenye maungio ya mapajani hadi alama ukiwa sawa. Bado hakuna kukata. Akutumie vipimo viwili, uvithibitishe kwanza.

Somo la tatu ndilo zito. Chukua suruali yenye mguu wa ndani wa sentimita 86 inayotakiwa kuwa 76. Mkasi haupiti kwenye 76, unapita kwenye 81, kwa sababu zinahitajika sentimita 4 za pindo na 1 ya kukunjwa ndani ili ukingo usichanike nyuzi. Andika mfano huu mzima kwenye somo, maana kukata juu ya alama ni kosa lisilo na dawa. Baada ya kukata, akunje, apige pasi, kisha apige bandi kwa hatua ndefu za sentimita 2. Lengo: pindo lililoshikizwa kwa bandi, lenye upana wa sentimita 4 ukilipima sehemu nne za kila mguu.

Taja mipaka ya kozi tangu kwenye tangazo. Jinzi ni nene mno kwa mshono huu. Suruali inayobana kuelekea chini nayo ina shida yake: ukingo uliokatwa ni mwembamba kuliko sehemu unapokunjiwa, hivyo pindo linavuta mpaka ufumue kidogo mishono ya kando. Mwanafunzi mpya akikutana na hilo, ataona aibu na kuacha.

Somo la nne linarudia mshono wa kwanza, sasa kwa uzi wa rangi ya suruali. Lisiwe na jambo jipya isipokuwa kufunga uzi ndani ya mkunjo. Waambie wasifumue bandi kabla hujaiona picha: kama itabidi kurudia sehemu yenye mikunjamano, bandi itakuwa bado imeshikilia pindo mahali pake.