Meza ya duara, wengine wametazama nje: usibahatishe mwelekeo

"Wakuu, zile chemsha bongo za kukaa kwenye meza ya duara, wote wakitazama ndani nazitoboa. Wakichanganywa wa ndani na wa nje napotea kabisa. Mnazifanyaje?"

Mkuu, hizo zilinitoa jasho nilipokuwa najiandaa na usaili wa kazi. Kosa langu lilikuwa kumpa kila mtu mwelekeo kwa kubahatisha. Nikifika dokezo la mwisho viti vinagongana, na sijui nilipotelea wapi.

Kwanza maliza suala la mkono. Chora duara, jikalishe upande wa chini ukitazama katikati: kulia kwako ni kinyume cha saa. Geuka utazame nje, kulia kwako sasa kunafuata saa. Na "kushoto kwa Baraka" ni mkono wa Baraka, si wako wewe unayechora.

Tuchukue watu sita, viti 1 hadi 6 kwa kufuata saa. Watatu wanatazama ndani, watatu nje. Asha anatazama ndani, na Baraka ni wa pili kulia kwake. Chande yuko kushoto kwa Baraka, wamepakana. Dina yuko mkabala na Chande. Ema amepakana na Dina, kuliani kwa Dina. Faki ni jirani wa Asha. Ema na Chande wanatazama upande mmoja, yaani wote ndani au wote nje.

Muweke Asha kiti cha 1. Kulia kwake ni kinyume cha saa, kwa hiyo Baraka yuko 5. Mwelekeo wa Baraka hatuujui, basi chora duara mbili. Akitazama ndani, Chande yuko 6. Akitazama nje, Chande yuko 4. Hapa ndipo nilipokuwa nachagua moja na kusonga mbele. Usichague. Tafuta dokezo lisilojali mwelekeo, kama "mkabala", "jirani" au "kati ya". Chande akiwa 4, Dina anaangukia 1, na hapo pana Asha. Duara hiyo ifute. Kumbe Baraka anatazama ndani, Chande yuko 6, Dina 3.

Zimebaki 2 na 4. Faki ni jirani wa Asha, basi ni 2, na Ema ni 4. Kiti cha 4 kikiwa kulia kwa Dina aliye 3, Dina anatazama nje. Umeona? Kiti ndicho kilichotupa mwelekeo.

Ndani tunao Asha na Baraka, pamebaki nafasi moja. Ema na Chande wanakwenda pamoja, hawaenei humo, basi wote nje na Faki ndani.

Angalia pia dokezo la "wa tatu kulia". Kwenye viti sita, wa tatu kulia na wa tatu kushoto ni kiti kilekile cha mkabala, kwa hiyo hapo usichore duara ya pili. Kwenye viti nane ni viti viwili tofauti, chora zote mbili.